Upangaji wa kitana: kumwondoa kobe mwishoni mwa orodha

Tuchukue orodha ya mitaa 10 ya Lubaga, mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, tuiombe kompyuta iipange kialfabeti. Aliyeiandika orodha alikuwa ameshaipanga vizuri, ila aliisahau Busega. Alipoikumbuka akaiongeza chini kabisa. Orodha basi inasomeka hivi: Kabowa, Kasubi, Lubya, Lungujja, Mengo, Mutundwe, Nakulabye, Nateete, Ndeeba, Busega. Jina la Lubaga lenyewe sikulitia, kwa sababu wengine huandika Rubaga, na kompyuta haijui kwamba hayo ni mahali pamoja: ingelipeleka jina hilohilo mara katikati ya orodha, mara mwisho.

Jicho la mtu linaona mara moja kwamba kilichobaki ni kuichukua Busega na kuiweka juu. Kompyuta haina jicho hilo. Inachoweza ni kulinganisha thamani mbili kwa wakati mmoja na, ikibidi, kuzibadilishana nafasi. Algoriti ya upangaji, yaani mfululizo wa hatua zilizo wazi zinazoiongoza mashine hadi orodha ikae sawa, huamua ni thamani zipi mbili zilinganishwe na kwa utaratibu gani. Hapo ndipo upangaji wa kiputo na upangaji wa kitana unapoachana, na tofauti yake kubwa ni namba moja tu.

Tuanze na upangaji wa kiputo, ambao wanafunzi wengi wa kompyuta hukutana nao kwanza. Mashine huanza nafasi ya 1, hulinganisha jina lililopo hapo na la nafasi ya 2, na kama la kwanza linapaswa kufuata la pili huyabadilisha. Kisha huhamia nafasi ya 2 na ya 3, halafu ya 3 na ya 4, hadi mwisho. Mwendo huo mmoja wa kutoka kichwani mwa orodha hadi mkiani tuuite mzunguko. Mizunguko hurudiwa mpaka upatikane mmoja usio na badiliko lolote. Hapo orodha imepangika.

Tuangalie Busega inavyosafiri. Katika mzunguko wa kwanza, ulinganisho nane wa mwanzo hauleti badiliko, kwa kuwa majina hayo yako sawa. Ulinganisho wa tisa unakutanisha Ndeeba na Busega. Yanabadilishana, na Busega inapanda hadi nafasi ya 9. Mzunguko umekwisha. Katika mzunguko wa pili Busega inakutana na Nateete na kupanda hadi nafasi ya 8. Kila mzunguko unaipandisha hatua moja, si zaidi, kwa sababu mashine hupita ikielekea mkiani: ikishaisogeza Busega nyuma yake, haigeuki. Kutoka nafasi ya 10 hadi ya 1 panahitajika mizunguko 9. Hata tukiifupisha mizunguko kwa kuacha kugusa mkia ambao tayari umetulia, ulinganisho ni 9, kisha 8, kisha 7, hadi 1, jumla 45. Yote hayo kwa jina moja lililokosea mahali.

Sasa tugeuze hali. Tuseme majina yote yako sawa, ila Ndeeba, ambalo ndilo la mwisho kialfabeti, limewekwa nafasi ya 1. Mzunguko wa kwanza unalilinganisha na la pili na kulisogeza mbele. Papo hapo ulinganisho unaofuata unalikuta tena, unalisogeza tena, na hivyo hadi mwisho. Mzunguko mmoja umetosha. Thamani kubwa iliyo mwanzoni hukimbia na mashine, ilhali thamani ndogo iliyo mwishoni husubiri mashine irudi kila mara. Wanaosomea algoriti huziita za kwanza sungura na za pili kobe. Ubovu wa upangaji wa kiputo haujagawanyika sawasawa: umelundikana kwa kobe.

Suluhisho linalokuja upesi akilini ni kuipitisha mashine pande zote mbili: mzunguko mmoja kwenda mkiani, mmoja kurudi kichwani. Njia hiyo ipo na inafanya kazi kwa orodha yetu, kwani Busega ingekimbia kama sungura katika mzunguko wa kurudi. Lakini kabla ya kuikubali, inafaa tujiulize kinachopimwa hasa. Tuite jozi kinyume kila majina mawili ambayo moja liko mbele ya jingine ilhali lilipaswa kuwa nyuma yake, hata kama hayakai jirani. Orodha iliyopangika haina jozi kinyume hata moja. Yetu ina 9, kwa kuwa Busega imetanguliwa na majina 9 yanayopaswa kuifuata.

Kubadilisha majina mawili yaliyo jirani huondoa jozi kinyume moja tu, daima. Hayo mawili yanarekebishana wao kwa wao, na uhusiano wao na majina mengine yote unabaki kama ulivyokuwa. Basi algoriti yoyote inayobadilisha majirani peke yake, iende upande mmoja au pande mbili, italazimika kufanya mabadiliko mengi kama idadi ya jozi kinyume zilizopo. Orodha ya majina 1,000 yaliyochanganywa ovyo ina, kwa wastani, jozi kinyume 249,750. Kupita pande mbili kunamsaidia kobe mmoja aliye peke yake. Hakupunguzi hata moja katika hizo robo milioni. Tatizo liko ndani zaidi ya upande ambao mashine inaelekea. Liko katika ujirani.

Upangaji wa kitana unaugusa ujirani huo. Pengo ni tofauti ya nafasi kati ya majina mawili yanayolinganishwa. Katika upangaji wa kiputo pengo ni 1 tangu mwanzo hadi mwisho. Katika upangaji wa kitana pengo huanza likiwa kubwa, karibu na urefu wa orodha, na kila mzunguko unapokwisha hugawanywa kwa 1.3 na desimali kuachwa, mpaka lifike 1. Likifika 1, mizunguko inaendelea kwa pengo hilo hadi upatikane mmoja usio na badiliko. Ndiyo maana ya jina: mtu mwenye nywele zilizosokotana hutangulia na meno yaliyo mbalimbali, ndipo amalizie na yaliyokaribiana.

Faida ya badiliko la mbali inaonekana ukichukua orodha hii: Kabowa, Kasubi, Ndeeba, Lubya, Lungujja, Mengo, Mutundwe, Nakulabye, Nateete, Busega. Ina jozi kinyume 15. Ndeeba iko nafasi ya 3 na Busega nafasi ya 10, pengo la 7. Ukiyabadilisha hayo mawili kwa mkupuo mmoja, zinabaki jozi kinyume 2 tu, yaani Kabowa na Kasubi mbele ya Busega. Badiliko moja limeondoa 13. Kila jina lililokaa katikati ya hayo mawili limerekebishwa mara mbili, kwa upande wa Ndeeba na kwa upande wa Busega, bila lenyewe kuguswa. Algoriti ya majirani ingelipia mabadiliko 13 kwa kazi hiyo.

Historia yake ni fupi. Mwanasayansi wa kompyuta kutoka Poland, Włodzimierz Dobosiewicz, aliichapisha njia hii mwaka 1980. Haikuenea sana mpaka Stephen Lacey na Richard Box walipoifikia tena na kuiandika katika jarida la Byte la Aprili 1991, wakaipa jina la kitana. Wazo la mapengo yanayopungua lenyewe ni la zamani zaidi: Donald Shell alikwisha kulitumia mwaka 1959 katika upangaji unaobeba jina lake. Tofauti ni kwamba Shell, kwa kila pengo, hupanga mpaka majina yote yaliyotengana kwa pengo hilo yawe sawa; kitana hupita mara moja tu, kisha hupunguza pengo na kuendelea.

Tuirudie sasa orodha yetu ya kwanza, ile yenye Busega mkiani, tuipitishe kitana hatua kwa hatua. Majina ni 10. 10 kwa 1.3 ni 7 na desimali, basi pengo la kwanza ni 7. Linaloweza kulinganishwa ni la 1 na la 8, la 2 na la 9, la 3 na la 10. Mawili ya mwanzo yako sawa. La tatu linakutanisha Lubya na Busega: yanabadilishana. Busega imeruka kutoka nafasi ya 10 hadi ya 3 kwa hatua moja. Lakini angalia na upande wa pili: Lubya, ambayo ilikuwa karibu na mahali pake, sasa imetupwa mkiani. Kitana kimemwondoa kobe mmoja na kumweka mwingine, ingawa huyu wa pili ana safari fupi kidogo.

Pengo linalofuata ni 5. Katika ulinganisho 5, mmoja tu unaleta badiliko: Mengo ya nafasi ya 5 na Lubya ya nafasi ya 10. Kisha pengo ni 3, na katika ulinganisho 7 zinabadilishana Nakulabye na Mengo. Pengo la 2 lina ulinganisho 8 na mabadiliko mawili: Busega inapanda kutoka nafasi ya 3 hadi ya 1 ikimshusha Kabowa, na mkiani Nakulabye inabadilishana na Nateete. Orodha sasa ni Busega, Kasubi, Kabowa, Lungujja, Lubya, Mutundwe, Mengo, Nakulabye, Ndeeba, Nateete. Hakuna jina lililo mbali na mahali pake zaidi ya hatua moja. Hicho ndicho mapengo makubwa yanachotafuta: hayapangi orodha, yanaifikisha mahali ambapo pengo la 1 linaweza kuimaliza upesi. Mzunguko wa pengo 1 unafanya mabadiliko manne na orodha inapangika; mzunguko mmoja zaidi, usio na badiliko, unathibitisha.

Tukihesabu, ulinganisho ni 3, 5, 7, 8, 9 na 9, jumla 41. Kiputo kilitumia 45. Mabadiliko ni 9 kwa kitana na 9 kwa kiputo. Msomaji aliyetarajia ushindi mkubwa ana haki ya kuuliza uko wapi. Jibu ni kwamba orodha hii, ingawa ndiyo inayoonyesha kobe waziwazi kuliko zote, haina mengi ya kukipa kitana. Majina mengine yote yalikuwa sawa, hivyo badiliko la mbali halikukuta kati yake majina ya kurekebisha. Kila badiliko liliondoa jozi kinyume moja, sawa na badiliko la jirani. Nafuu ya kitana hutoka kwenye vurugu. Orodha ikiwa na jozi kinyume nyingi, kama ile yenye Ndeeba juu na Busega chini, ndipo kila mruko unapoondoa nyingi kwa pamoja.

Tena urefu una uzito wake. Majina yakiwa 1,000, pengo huanza 769, kisha 591, 454, 349, na kuendelea hadi 10, 7, 5, 3, 2, 1. Mapengo yote ni 22. Kupita mara moja kwa kila pengo ni ulinganisho 18,713. Ongeza mizunguko michache ya pengo 1, kila mmoja ukiwa na ulinganisho 999, na bado hujafika mbali. Kiputo, kobe akiwa mmoja tu mkiani, kinatumia ulinganisho 499,500. Kwa majina 10 tofauti ni ndogo mno isiyostahili kutajwa. Kwa 1,000 ni kubwa mara nyingi, na huzidi kukua kadiri orodha inavyorefuka.

Kwa nini 1.3? Namba hiyo haikutoka kwenye uthibitisho wa hisabati. Lacey na Box waliipata kwa majaribio ya orodha za bahati nasibu zaidi ya 200,000. Hata hivyo sababu za kuwa karibu na hapo zinaeleweka. Ukigawanya kwa namba ndogo sana, mizunguko inaongezeka na mingi haikuti la kufanya. Ukigawanya kwa 2, pengo linashuka haraka kabla kobe hawajapata nafasi za kutosha za kuruka, na kuna hasara nyingine isiyoonekana mara moja. Orodha ikiwa na majina 1,024, mapengo yatakuwa 512, 256, 128 na kuendelea, yote yakigawanyika kwa 2 mpaka lile la mwisho. Majina ya nafasi za witiri hayatakutana kamwe na ya nafasi za shufwa hadi pengo liwe 1, na kazi yote ya kuyachanganya itaangukia mzunguko ulio ghali. Mfululizo wa 7, 5, 3, 2, 1 unavunja makundi hayo mapema.

Hii hapa algoriti yote kwa lugha ya Python. Kuzidisha kwa 10 na kugawanya kwa 13 ni sawa na kugawanya kwa 1.3, bila kuhitaji namba za desimali.

```python
def panga(a):
    pengo = len(a)
    badili = True
    while pengo > 1 or badili:
        pengo = max(1, pengo * 10 // 13)
        badili = False
        for i in range(len(a) - pengo):
            if a[i] > a[i + pengo]:
                a[i], a[i + pengo] = a[i + pengo], a[i]
                badili = True
```

Mstari wa `while` ndio unaoharibiwa mara nyingi. Mwandishi wa programu huona pengo limefika 1, akadhani kazi imekwisha, akaandika `while pengo > 1:` peke yake. Programu hiyo hupita mara moja tu kwa pengo 1 kisha husimama. Ukiijaribu kwa orodha yetu ya kwanza itatoa jibu sahihi, kwa kuwa mzunguko mmoja ulitosha, na hapo ndipo udanganyifu ulipo.

Ijaribu kwa hii: Kasubi, Busega, Lubya, Lungujja, Mengo, Mutundwe, Kabowa, Nakulabye, Nateete, Ndeeba. Pengo la 7 halibadilishi kitu. Pengo la 5 linakutanisha nafasi ya 2 na ya 7, yaani Busega na Kabowa, na hayo yako sawa. Kabowa inabaki ilipo. Katika pengo la 3, Kabowa inakutana na Lungujja na kupanda hadi nafasi ya 4, lakini ulinganisho wa nafasi ya 1 na ya 4 ulikwisha kupita. Katika pengo la 2, nafasi ya 4 hulinganishwa na ya 2, ambako Busega bado imekaa, na kwa mara ya pili jina dogo zaidi linamzibia Kabowa njia. Mzunguko mmoja wa pengo 1 unaipandisha hatua moja tu, hadi nafasi ya 3. Programu iliyokosewa itasimama hapo na kutoa Busega, Kasubi, Kabowa, Lubya, Lungujja, na mengine yote sawasawa. Kasubi mbele ya Kabowa: kosa la majina mawili jirani, katika orodha ambayo macho yakiipitia haraka yataisema imepangika. Programu sahihi ingeona kwamba mzunguko ule ulikuwa na mabadiliko, ikarudia, ikarekebisha, kisha ikarudia tena kuhakikisha.

Mfano huo unaonyesha pia mpaka wa njia yenyewe. Kwa kuwa kila pengo kubwa hupitwa mara moja tu, thamani ndogo inaweza kuzibwa na nyingine ndogo zaidi katika kila mruko uliokusudiwa kuisaidia. Usahihi wa jibu unalindwa na mizunguko ya pengo 1 peke yake, na mizunguko hiyo ni upangaji wa kiputo ule ule. Orodha mbaya ya kutosha inaweza kuilazimisha kuwa mingi. Katika hali mbaya kabisa idadi ya ulinganisho bado hukua kwa kadiri ya mraba wa urefu wa orodha. Kwa orodha za kawaida jambo hilo ni nadra, lakini halijaondolewa.

Kuna kitu kimoja ambacho kiputo kinacho na kitana kinakipoteza. Tuseme una daftari la wakazi lililopangwa kwa majina yao, na sasa unataka lipangwe kwa mitaa. Kiputo kitawaweka watu wa Nakulabye pamoja na kuyaacha majina yao katika mpangilio ule ule wa awali, kwa sababu wawili wenye mtaa mmoja hawabadilishwi wakikutana na hakuna anayeruka juu ya mwenzake. Kitana hurusha safu za daftari kwa mbali, na mkazi wa Nakulabye anaweza kupita juu ya jirani yake bila kulinganishwa naye. Mitaa itakaa sawa. Majina ndani ya kila mtaa yatavurugika. Dawa yake ni kulinganisha mtaa na jina kwa pamoja tangu mwanzo.

Kwa kazi ya kila siku katika Python, tumia `sort` iliyomo ndani ya lugha: ni ya haraka zaidi, na haivurugi wanaolingana. Kitana kinafaa pale kumbukumbu ni ndogo, programu yote inapaswa kuwa mistari michache, na orodha ni ya maelfu machache. Kwa anayefundisha kina thamani nyingine: baada ya somo la kiputo, mpe mwanafunzi orodha ya majina ya mitaa yake, abadilishe mstari mmoja wa pengo, ahesabu ulinganisho kwa majina 10 na kisha kwa 1,000.